Jina gani la saccos litawafanya watu watuamini na akiba zao?

Katibu_Mteule: Habari zenu wakuu. Sisi ni madereva na mafundi magari, tunaanzisha saccos. Kamati imegawanyika: wengine wanataka "Ukwasi Uwekezaji", wengine "Madereva", mimi napendekeza "Usukani". La kwanza linanitia hofu, linaahidi faida ilhali kazi yetu ni kuweka akiba na kukopeshana. Naombeni ushauri kabla hatujapeleka maombi ya usajili.

Kombo77: Ongezeni neno "Benki", watu wanaliheshimu. Na hakikisheni jina halifanani na la chama kingine.

MamaHisa: Kombo, la kufanana uko sahihi. Msajili hulikataa jina linalokaribiana na lililopo, na hata likipita, mwanachama anaweza kutuma marejesho yake kwa chama kingine. Ila "Benki" haiwezekani. Nchi nyingi sheria inalihifadhi neno hilo kwa wenye leseni ya benki tu.

Katibu, hofu yako ni ya kweli. "Uwekezaji" humleta mtu anayengoja gawio nono, na mwaka ukiisha kwa gawio dogo anadai hisa zake. Ukiandika "Mikopo" peke yake, wanakuja wakopaji watupu, na mikopo inatoka kwenye akiba za wenzao. Ndiyo maana huandikwa "Akiba na Mikopo", akiba ikitangulia. Mimi ningeandika: Usukani, Chama cha Ushirika wa Akiba na Mikopo. Jina fupi la kuitana, kisha maneno yanayosema kazi.

Dada_Mzunguko: Sisi kikundi chetu tunachangiana kila mwezi anapokea mmoja, tunajiita "Tupendane" na hakuna aliyewahi kuuliza maana. Jina lina kazi gani kweli?

MamaHisa: Dada, ninyi mnajuana kwa sura. Saccos itapokea mtu ambaye hajawahi kumwona mweka hazina, naye atakachokishika ni stakabadhi tu. Jina la kwenye stakabadhi, muhuri na akaunti ya chama liwe lilelile la kwenye cheti, neno kwa neno. Likitofautiana, ana haki ya kusita.

fundi_mitambo: Jambo moja dogo: jina la mtumaji kwenye ujumbe wa simu mwisho herufi 11. USUKANI ni 7, inaingia nzima. UKWASI UWEKEZAJI itabidi ikatwe, na ujumbe wa salio wenye jina nusu watu wataudhani wa matapeli.

Kombo77: Nimeelewa kuhusu benki. Lakini "Usukani" si inawaacha mafundi nje? Anayeshika spana ataona chama si chake.

MamaHisa: Hapo sina jibu. Jina la kazi moja hujenga imani haraka kwa wenye kazi hiyo, ila mkifungua milango baadaye mtalazimika kubadili masharti, cheti, mihuri na vitabu vya wanachama.

Katibu_Mteule: Asanteni sana. "Uwekezaji" nitaomba kamati iliondoe. Kuhusu "Usukani", nitawasomea mafundi ambao bado hawajajiunga, kila mmoja aniambie chama kinafanya nini na ni cha nani, bila mimi kueleza chochote.