Mrejesho: swali la ngazi ukutani

Niliuliza: "Wakuu, ngazi ya mita 5 imeegemea ukuta, pembe chini na ardhi ni nyuzi 62. Picha ya daftari hiyo hapo. Napata urefu wa ukuta 3.37, kitabu kinasema 4.41. Nakosea wapi?"

Nimerudi. Makosa yalikuwa mawili, na yalifichana vizuri kweli.

La kwanza ni picha yenyewe. Niliipiga simu ikiwa imelala, ukuta ukaonekana kama sakafu, nami nikauchukulia kuwa upande unaogusa pembe. Ndiyo maana nilitumia kosini. Nilipochora upya na kuweka kidole kwenye ile 62, nikaona ukuta unaitazama pembe kutoka ng'ambo, na ngazi ndiyo upande mrefu. Hapo ni sini. Tanjenti haihusiki, maana umbali wa chini sikupewa.

Nikabonyeza 5 × sin 62, ikaja -3.70. Ukuta hasi! Bila hiyo alama ya kutoa nisingeshtuka, maana 3.37 ilionekana jibu la kawaida kabisa. Kutazama juu ya kioo, kuna kaherufi R: kalkuleta ilikuwa kwenye radiani. Kwenye fx-82MS yangu nilibonyeza MODE mara mbili, kisha 1, ikaja D. sin 30 ikatoa 0.5, basi iko sawa. Sasa 5 × sin 62 = 4.41.

Nikahakiki na umbali wa chini: 5 × cos 62 = 2.35. Vipeo vya pili vya 4.41 na 2.35 vikijumlishwa ni 24.97, karibu 25; kilichopungua ni cha kukadiria desimali.