Mjadala: Vichwa vidogo vinaibeba hoja ya insha ndefu, au vinaficha udhaifu wake?

Mwanafunzi wa uzamili: Ninaandika insha ya maneno kama 6,000 kuhusu lugha ya kufundishia katika shule za sekondari Tanzania. Msimamizi wangu anataka vichwa vidogo, pamoja na aya ya utangulizi inayotangaza mpangilio mzima. Mhadhiri mwingine anasema hoja iliyojengeka vizuri haihitaji kutangazwa. Nimfuate yupi?

Mhariri wa vitabu: Binafsi namuunga mkono msimamizi wako, ila kwa sharti moja. Aya ya mpangilio inayosema "insha hii ina sehemu nne, yaani utangulizi, historia, uchambuzi na hitimisho" haimwelekezi msomaji popote, kwa kuwa ungeweza kuibandika kwenye insha ya kilimo cha korosho nayo ikakubali. Linganisha na hii: "Nitaanza kwa kuonyesha kwamba uamuzi wa 1967 wa kufundishia kwa Kiswahili uliishia shule za msingi, kisha nitaeleza jinsi pendekezo la Tume ya Makweta la 1982, la kukifikisha sekondari, lilivyoachwa bila kutekelezwa, mwishowe nitadai kwamba Sera ya Elimu ya 2014, ingawa ilikifungulia Kiswahili mlango, haikuondoa kikwazo kilekile." Hapo msomaji anajua unakokwenda na kwa nini hatua ya pili inaifuata ya kwanza. Vichwa vidogo navyo viwe hivyo: "Historia" ni mada tu, lakini "Uamuzi wa 1967 ulivyoishia darasa la saba" ni dai ambalo msomaji anaweza kukudai ulithibitishe.

Mwalimu wa sekondari: Mimi nawafundisha vijana wangu kwamba insha haiwekewi vichwa vidogo kabisa, isipokuwa ripoti na kumbukumbu za mkutano. Mwanafunzi aanze kila aya kwa "kwanza", "pili", "tatu", na mtahini hatapotea.

Mhariri wa vitabu: Kwa insha ya kurasa mbili nakubaliana nawe, mwalimu, lakini mwenzetu ana kurasa ishirini hivi. Zaidi ya hayo, "pili" humwambia msomaji kwamba hoja nyingine imefika, bila kumwambia kama inaunga mkono ile iliyotangulia, inaipinga au ni tokeo lake. Katika mfano wetu, 1982 si "pili" baada ya 1967. Ni jaribio la kukamilisha kilichoachwa nusu, na jambo hilo huelezwa kwa sentensi.

Mhadhiri wa fasihi: Hapo ndipo ninapowatilia shaka wapenzi wa vichwa vidogo. Nimesoma tasinifu nyingi ambazo mwandishi, akishindwa kuunganisha aya mbili, huchomeka kichwa kati yake na kusonga mbele kana kwamba daraja limejengwa. Dalili yake ni rahisi kuiona: funika vichwa vyote kwa karatasi, kisha soma sentensi ya mwisho ya kila sehemu ikifuatiwa na ya kwanza ya sehemu inayofuata. Sehemu ikianza na "Hali hii ilisababisha…" na neno "hii" likawa linategemea kichwa ulichokifunika, mshikamano haupo. Ndiyo maana wanafunzi wangu huandika rasimu ya kwanza bila kichwa hata kimoja.

Mwanafunzi wa uzamili: Nimejaribu sasa hivi. Utangulizi wangu unaahidi sehemu nne, lakini sehemu ya gharama za vitabu siioni popote. Imebaki aya moja ndani ya uchambuzi wa sera. Je, niipanue ili nitimize ahadi?

Mhariri wa vitabu: Usiipanue kwa sababu hiyo. Utangulizi uliandikwa kabla hujajua insha itakuwa nini, na wengi huusahau hapo. Andika pembeni mwa kila aya sentensi moja ya kile inachodai, zisome sentensi hizo kwa mfululizo, kisha andika upya aya ya mpangilio kutokana nazo. Kama gharama za vitabu ni sababu mojawapo tu ya sera kukwama, ziache zilipo na uziondoe katika ahadi. Ikiwa ndizo kikwazo kikuu unachodai, basi umekosea mpangilio wa insha, na marekebisho ya utangulizi pekee hayatatosha.

Msomaji wa kawaida: Mimi si msomi, nasomea kwenye simu ndani ya daladala. Nikikatishwa, vichwa ndivyo vinavyonirudisha nilipoishia. Mhadhiri, hilo halimo katika hesabu yako.

Mhadhiri wa fasihi: Nakubali halimo, ndugu. Lakini anayekatishwa kila kituo na anayeifuata hoja tangu mwanzo hadi mwisho wanahitaji vitu tofauti, na bado sijaona insha ndefu iliyowatosheleza wote wawili bila kumchosha mmoja.

Mhariri wa vitabu: Vichwa vitatu katika maneno 6,000 havimchoshi mtu. Kumi na viwili, ndiyo.

Mhadhiri wa fasihi: Hata hivyo vitatu, naomba viwekwe mwisho kabisa.