Mrejesho: chumba cha kucha, Mwanga, Kigoma

Niliuliza: "Wakuu, nataka kufungua chumba cha kucha hapa Mwanga. Afisa afya ataangalia nini, na daftari la usafi wa vifaa naandikaje?"

Asanteni mlionituma kwa afisa afya kabla sijalipa kodi ya chumba. Cha kwanza hakikuwa na maji wala pa kumwaga maji machafu, nikakiacha. TIN ninayo, leseni ya biashara naifuatilia manispaa.

Kilichonishika ni kisanduku cha taa ya bluu. Muuzaji aliniapia kinaua vijidudu vyote, nami nikajaza daftari "vimetakaswa" wiki nzima nikijifunzia kwa wadogo zangu. Bwana afya akaupanua mkasi: mwanga hauingii kwenye kiungio, wala upande uliolala chini. Kurasa zote akazipiga mstari. Niliona aibu, jamani.

Sasa nasugua kwanza kwa sabuni na brashi, kisha mtungi wa mvuke: nyuzi 121, dakika 20 kwa vifaa visivyofungwa kwenye kitambaa au karatasi. Nahesabu joto likishafika 121, siyo nikiwasha. Naandika tarehe, vifaa, saa joto lilipofika, saa ya kuzima, sahihi. Jumanne umeme ulikatika dakika ya 12. Nikaandika "imekatika, imerudiwa" na kuanza upya. Msasa wa kucha hautakasiki, mteja anaondoka nao.