ERP na washirika watatu: API, EDI au mafaili tu?

Fundi_Ghala: Wakuu, naomba ushauri. Mnunuzi wetu mkubwa ametuambia oda zake zitakuja kwa EDI tu, muundo wa EDIFACT. Msafirishaji ana API. Wateja wadogo wanatupakia CSV kwenye seva ya SFTP, na huko ndiko ninakoumia: wiki jana oda ya mistari 412 iliingia kwenye ERP ikiwa na mistari 260, na logi haina kosa hata moja. Bosi anataka wote wahamie API, yaishe.

Kijana_wa_Programu: Bosi yuko sahihi. EDI ni ya enzi za babu. Kwa API unajibiwa papo hapo, kosa unaliona.

Mama_Risiti: Sisi tulipohama ERP tulipitisha kila kitu Excel. Bidhaa 00418 ikawa 418, tukahangaika mwezi mzima. Usihame mwisho wa mwaka.

Fundi_Ghala: Sihami mfumo, mama. Ila hilo la sifuri nitalikagua.

Bi_Seva: Kijana, mnunuzi mkubwa hatabadili mfumo kwa ajili ya Fundi, na wateja wadogo nani atawaandikia programu ya kuita API? Hata hilo jibu la papo hapo lina mtego. Tuliwahi kuagiza gari kwa API, mtandao ukakatika kabla jibu halijarudi, programu ikarudia ombi, asubuhi magari mawili getini. Tangu hapo kila ombi lina namba yake. Likirudiwa na namba ileile, upande wa pili unajua ni lilelile.

Fundi, oda yako ilisomwa ikiwa bado inapakiwa. ERP inachungulia folda kila baada ya muda, ikakuta mistari 260, ikaichukua. CSV iliyokatikia mwisho wa mstari haina dalili ya kukatika. Mteja apakie kwa jina la muda, kisha abadili jina hilo:

```
put oda_7731.csv oda_7731.tmp
rename oda_7731.tmp oda_7731.csv
```

ERP isome `.csv` tu. Mstari wa mwisho utaje idadi ya mistari. Isipolingana, kataa faili lote.

Fundi_Ghala: Nimekupata. Na EDI, nikirudisha MDN si ndiyo nimekubali oda?

Bi_Seva: Hapana. MDN ya AS2 inasema ujumbe umefika. CONTRL inasema umbo lake limesomeka. Kukubali bei na idadi ni kazi ya ORDRSP. Waulize wanataka zipi, na ndani ya saa ngapi.

Fundi_Ghala: Sawa. Shida ni wateja wawili wanaoburuta faili kwa kipanya. Hao hawatabadili jina wala kuandika idadi.

Kijana_wa_Programu: ERP isubiri hadi ukubwa wa faili usibadilike kwa dakika tano.

Bi_Seva: Inapunguza, haimalizi. Mtandao wao ukiganda dakika sita je?

Fundi_Ghala: Na wao ndio wanaogandaganda.