Mrejesho: betri ya simu iliyogandishwa na gundi, Bukavu

Nilikuwa nimeuliza: "Betri imevimba kidogo na utepe wa kuivuta umekatika. Niitoe namna gani bila kuitoboa?"

Asanteni sana, ndugu zangu. Aliyesema niache kabisa kuipasha moto, kwa sababu imevimba, ndiye niliyemfuata. Niliacha chaji ishuke chini ya 25%, nikachomoa konekta ya betri kabla ya kugusa kitu kingine. Kisha matone ya alkoli ya isopropili kando ya betri, simu nimeiinamisha ili yapenye chini, nikangoja dakika chache. Kadi ya plastiki nikaisukuma ikiwa imelala. Ikikwama, tone lingine, nguvu hapana. Bisibisi ya mwenzangu wa karakana ilibaki mfukoni mwake! Betri ilitoka bila kupinda.

Kabla ya kufunga nilijaribu mpya: ilichaji bila joto la ajabu, na kioo na kamera vinafanya kazi.

Palipogoma: asilimia ziliruka kutoka 15 hadi kuzima. Kuiacha iishe kisha kuijaza kumepunguza tu, hakujamaliza. Na gundi mpya ya mgongoni haizuii maji kama ile ya kiwandani, kwa hiyo mwenye simu nimemwambia asiipeleke ziwani.