RISC na CISC: tofauti bado ipo au tunabishania majina tu?

Kijana wa Chuo: Wakuu naomba mnisaidie kuhusu RISC, prosesa za amri chache na rahisi kama ARM, na CISC, za amri nyingi zinazobeba kazi kadhaa kwa mpigo kama x86 ya Intel na AMD. Mwalimu mmoja katuambia x86 ya leo ndani ni RISC tupu kwahiyo huu ubishi uliisha zamani. Mwenzake anasema programu ya RISC inakuwa ndefu lakini kila amri inachukua pigo moja la kloki ndo maana inashinda. Nimfuate nani?

Kipanga: Mfuate wa kwanza. Tangu Pentium Pro ya 1995 Intel wanachukua amri ya x86 wanaikatakata kuwa vijiamri vidogo, na prosesa inafanya kazi na hivyo vijiamri, ile amri ndefu yenyewe haifiki huko ndani. Sasa kama ndani wote wanafanana unabishania nini? Na huyo wa pili nae hajakosea sana, RISC kila amri pigo moja, hiyo ndo maana yake.

Mama Saketi: Kipanga kwenye vijiamri uko sawa, ila "pigo moja" hapana. Tuchukue mstari mmoja wa C tuufuate mpaka mwisho, `a[i+4] += x;` ambapo `a` ni safu ya int za baiti 4. Kwenye x86 kompaila inaweza kuumaliza kwa amri moja:

```
add dword ptr [rbx+rcx*4+16], eax
; baiti: 01 44 8B 10
```

Baiti nne basi. Ndani yake kuna kupiga hesabu ya anwani, kusoma memori, kujumlisha na kurudisha jibu kwenye memori. ARM ya biti 64 haikuruhusu kujumlisha moja kwa moja ndani ya memori hivi, lazima ulete kwanza kwenye rejista, vile visanduku vichache vya data ndani ya prosesa:

```
add x9, x1, x2, lsl #2
ldr w10, [x9, #16]
add w10, w10, w0
str w10, [x9, #16]
```

Amri nne, kila moja baiti 4, jumla 16. Kwa mstari huu programu imekua mara nne. Mingine haipishani hivyo, mfano `mov eax, 5` ya x86 inakula baiti 5 wakati ARM ni 4, na ukigusa rejista mpya za x86 ya biti 64 unalipa baiti moja ya ziada mbele ya amri. Kwahiyo usitoke hapa ukasema RISC ni mara nne ya CISC.

Sasa hilo pigo moja. Angalia `ldr` halafu `add` inayomfuata, huyu wa pili anaitaka `w10` ambayo bado iko njiani. Kwenye paipulaini ya kawaida ya hatua tano, yaani amri zinafuatana hatua kwa hatua kama kiwandani, inabidi asubiri pigo moja tupu, labda kompaila iwe imechomeka kazi nyingine katikati. Na data isipokuwepo kwenye keshi, memori ndogo ya haraka ndani ya prosesa, ukaenda kuitafuta RAM unasubiri mapigo hata mamia, na hapo x86 na ARM wote wanangoja vilevile. Kugawanya nako kunakula mapigo kadhaa popote ulipo. Pigo moja lilikuwa lengo la wale wabunifu wa miaka ya 80, na maana yake ilikuwa kila pigo itoke amri moja imekamilika mwishoni mwa paipulaini, sio kwamba amri inazaliwa na kufa ndani ya pigo moja.

Juma Steshenari: Samahani wakuu naingilia, mimi nina duka la steshenari na nilinunua laptopu yenye prosesa ya ARM maana niliambiwa haili chaji, sasa printa yangu ya zamani imegoma kabisa, draiva haikubali. Hiyo ndo CISC inakataa RISC? Nirudishe?

Mama Saketi: Pole kaka Juma. Hayo ni mengine kidogo. Programu za kawaida za x86 mfumo unaweza kuzitafsiri zikaenda, lakini draiva inakaa chini karibu na moyo wa mfumo na yenyewe lazima iwe imetengenezwa kwa ARM. Angalia kama mtengenezaji wa printa ana toleo hilo, kama hana basi itumie na mashine yako ya zamani. Hata ingekuwa RISC na RISC za makampuni mawili tofauti, draiva ya huku isingekubali kule.

Kipanga: Sawa dada, pigo moja nalirudisha. Lakini umenisaidia mimi! Ile `add` ya x86 ikishakatwa inakuwa nini? Kusoma, kujumlisha, kuandaa anwani, kuandika. Ni zilezile za ARM. Kwahiyo kazi ni ileile na Intel kaokoa nafasi kwenye keshi juu.

Mama Saketi: Kaokoa nafasi, halafu akalipa mlangoni, pale dikoda zinapofungua amri. Amri ya x86 ina baiti 1 mpaka 15 na urefu wake haujui mpaka umeanza kuifungua. Sasa prosesa imevuta baiti 16 kwa mkupuo. Kwenye ARM ya biti 64 amri zinaanzia baiti ya 0, 4, 8 na 12, hamna swali, unaweka dikoda nne zinaanza kazi kwa wakati mmoja. Kwenye x86 amri inaweza kuanzia popote kati ya zile 16, na huwezi kujua ya tatu inaanzia wapi kabla hujajua ya kwanza na ya pili zimeishia wapi. Kwahiyo wanafanya ujanja, wanakisia urefu kutokea kila baiti halafu wanatupa makisio yasiyofaa, AMD waliwahi kuhifadhi alama za mipaka ya amri humohumo kwenye keshi, na Intel kuanzia Sandy Bridge ya 2011 wakaweka keshi ya vijiamri 1536 vilivyokwisha kufunguliwa ili mzunguko unaojirudia usipite mlangoni tena. Apple M1 ya 2020 inafungua amri 8 kwa pigo bila huo ujanja wote.

Na kabla hujasema wote wanafanana ndani, mtazame VAX, kompyuta ya zamani ya kampuni ya DEC. Ule ndo ulikuwa CISC hasa. Amri yake ya kujumlisha inaweza kubeba vitu vitatu vyote vya memori, kila kimoja na namna yake ya kutafuta anwani na urefu wake, kwahiyo huwezi kujua cha pili kinaanzia wapi mpaka umemaliza kukifungua cha kwanza, ndani ya amri ileile moja! Emer na Clark waliipima VAX-11/780 mwaka 1984 wakakuta wastani wa mapigo 10.6 kwa amri. Halafu 1991 Bhandarkar na Clark wakalinganisha VAX 8700 na MIPS M/2000 ambayo ni RISC, mashine zilizokaribiana kwa mpangilio wa ndani. MIPS ilitekeleza amri zaidi kidogo ya mara mbili, lakini VAX ilihitaji mapigo karibu mara sita kwa kila amri. Hesabu ni hii, CPI ni mapigo kwa kila amri:

```
muda = idadi ya amri × CPI × urefu wa pigo
```

Weka mbili upande mmoja na sita upande wa pili, ikatoka MIPS karibu mara tatu. Na Bhandarkar alikuwa mtu wa DEC, wenye VAX yenyewe, na DEC wakatoka wakatengeneza Alpha ambayo ni RISC. x86 imepona kwa sababu amri zake nyingi zinagusa memori sehemu moja tu, na ukishaona baiti chache za mwanzo urefu wote unaujua. Bahati hiyo VAX hakuwa nayo.

Fundi Mita: Mimi nitoe ya kwangu maana kila siku nagombana na ukubwa wa programu. Tunatengeneza kifaa cha kusoma mita za maji, chipu ni Cortex-M0 yenye flashi ya 16 KB. Siku moja linka ikanitupia hii:

```
region `FLASH' overflowed by 812 bytes
```

Nikailaumu ARM, nikasema hizi RISC zinanenepesha programu. Kumbe M0 inatumia Thumb ambayo amri karibu zote ni baiti 2, imebanwa hasa. Nilipofungua faili la ramani nikaona mzigo ni `printf` ya desimali pamoja na maktaba ya kugawanya, kwasababu M0 haina amri ya kugawanya hata moja, kila alama ya `/` isiyo ya kipeo cha mbili inaenda kuita `__aeabi_uidiv`. Nikabadilisha niwe nahesabu kwa mililita badala ya lita zenye desimali, nikaweka `-Os` na `--gc-sections`, ikaingia na nafasi ikabaki. Kwahiyo seti ndogo ya amri ilinigharimu ila sio pale nilipodhani.

Kipanga: Hapo mnanipa nguvu tena, RISC wenyewe wamekimbilia baiti 2! Na kuhusu mlango wa x86, 2013 kulikuwa na utafiti wa Blem, Menon na Sankaralingam wa Wisconsin, walipima Cortex-A8, A9, Atom na i7 ya Sandy Bridge wakaona seti ya amri sio inayoamua nguvu wala spidi, ni jinsi prosesa ilivyojengwa.

Mama Saketi: Naukubali kwa mashine zile. Cortex-A9 ilikuwa inafungua amri 2 kwa pigo, na kwa upana huo mlango sio shida. Ukifika 6 au 8 hesabu za mipaka zinaongezeka haraka. Ingawa kweli Intel nae kafika 6 kwenye prosesa zake za Golden Cove, kwahiyo inawezekana, bei yake ndo tunayobishania.

Kijana wa Chuo: Naweza kuipima mwenyewe? Nina laptopu ya Intel, ya Skylake.

Mama Saketi: Unaweza mdogo wangu.

```
perf stat -e idq.mite_uops,idq.dsb_uops ./programu
```

`mite` ni vijiamri vilivyopita kwa dikoda, `dsb` vilivyotoka kwenye ile keshi. Jaribu na mzunguko mdogo, karibu vyote vitakuwa `dsb`. Halafu jaribu gcc ikikompaili faili kubwa uone `mite` inavyopanda.

Fundi Mita: Mi bado nataka mtu anijibu la RISC-V, ile seti ya amri ya RISC iliyo wazi kwa kampuni yoyote. Wao wamechanganya baiti 2 na 4, ule mstari wa dada ukiuandika kwa RISC-V ya biti 32 unapata amri tano, na zote zikibanwa ni baiti 10 badala ya 20. Sasa 2023 Qualcomm wakasema huo mbano uondolewe kwenye prosesa kubwa, SiFive, nao wabunifu wa prosesa za RISC-V, wakakataa. Kwangu mimi kuuondoa ni kosa.

Mama Saketi: Kwenye mita yako ni kosa kabisa. Ila hoja ya Qualcomm ina uzito, amri ya baiti 4 inaweza kuanzia mwisho wa mstari mmoja wa keshi na kuishia kwenye unaofuata, na amri fupi zimekula robo tatu ya nafasi yote ya namba za amri. Angalau urefu unajulikana kwa biti mbili za mwanzo tu, zikiwa `11` ni baiti 4 na zaidi, zisipokuwa hivyo ni 2. Ndo maana mimi naona unafunguka hata kwa upana wa 8, na RVA23, orodha ya vitu ambavyo prosesa kubwa za RISC-V zinatakiwa kuwa navyo, imeubakiza kuwa wa lazima.

Kipanga: Basi kama unafunguka kwa upana wa 8 na mipaka haijulikani mapema, mbona x86 unaibana?

Mama Saketi: Biti mbili kuangalia na baiti kadhaa kufungua ni vitu viwili tofauti Kipanga. Ngoja nitoke kazini nikuchoree saketi ya yote mawili, hesabu mwenyewe ngazi za mageti.