Plagi ya ekstensheni inayeyuka nikiwasha hita, naomba ushauri

Wakuu habari zenu. Niko Njombe, na baridi hii mnaijua. Nina hita ya wati 2000 inayopitia ekstensheni ya mita tano. Plagi ya ekstensheni upande wa ukutani imeyeyuka pembeni mwa pini ya laivu, na pini yenyewe imekuwa nyeusi. Upande wa nyutro ni mzima.

Nikigawa 2000 kwa volti 230 napata kama ampea 8.7, ndiyo maana fyuzi ya 13 haikukatika. Lakini waya umeandikwa 0.75 mm², ambao kwa kawaida ni wa ampea 6 hivi. Kwa hiyo umezidiwa, na kweli unapata uvuguvugu urefu wake wote.

Kinachonichanganya ni kwamba joto kali liko kwenye plagi tu. Nimefunga plagi mpya na kukaza skrubu vizuri, bado inachemka, tena inachezacheza kwenye soketi. Nahisi soketi imelegea ndani. Ukinzani wa omu 0.1 tu pale kwenye mguso, kwa ampea hizo, unatoa wati 7 na ushee sehemu ndogo kama ncha ya kidole. Kwa sasa hita nimeizima, tunajifunika mablanketi.

Maswali yangu: nibadilishe soketi ya ukutani kwanza, au plagi kuchemka kunaweza kutokana na waya peke yake? Na ekstensheni ya 1.5 mm² itatosha, au fundi aniwekee soketi karibu na hita?